Barua kwa wazazi: taarifa za mtoto zinazochukuliwa na shule, na zitakaa mpaka lini

Swali: "Mimi ni mwalimu mkuu wa shule binafsi ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Tuna watoto wa kutwa na wa bweni. Kwenye mkutano wa muhula huu wazazi wawili waliuliza kwa nini tunachukua nambari zao za utambulisho wa taifa, yaani NIN, na kopi za vitambulisho, na tutakaa nazo mpaka lini. Nataka kuwaandikia wazazi wote barua. Mhasibu wangu ananishauri tuandike kwamba taarifa zitahifadhiwa 'kwa muda unaohitajika', basi. Je, inatosha? Na kama haitoshi, hiyo miaka naitoa wapi?"

Haitoshi, Mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakutaka umweleze mzazi, kabla hujachukua chochote, unachukua nini na kwa kazi gani, nani anawajibika na anapatikana wapi, kipi ni lazima na kipi ni hiari, akikataa itakuwaje, nani mwingine atapewa, kwamba ana haki ya kuziona na kuzisahihisha, na zitakaa kwako muda gani. Shule nyingi hujibu yote hayo vizuri, kisha zikifika kwenye muda zinaandika hayo maneno ya mhasibu wako. Mzazi akiyasoma hajui kama ni mwaka mmoja au thelathini, na ukimwuliza mhasibu mwenyewe, naye hajui.

Kuhusu miaka, sheria hiyo haikuwekei hesabu. Inasema tu usikae na taarifa za mtu kupita muda wa kazi uliyozichukulia, isipokuwa kama sheria nyingine, mkataba au ridhaa yake inakuruhusu, na muda ukiisha uziharibu kwa namna ambayo hakuna atakayeweza kuziunganisha tena akazisoma. Kwa hiyo kuchagua miaka ni kazi ya shule, na lazima uweze kueleza ulivyochagua. Kwa kila rekodi tafuta siku ya kuanza kuhesabu na sababu ya kusimama pale unaposimama. "Miaka 6" pekee haisemi lolote. "Miaka 6 kuanzia mwisho wa mwaka mtoto alipoondoka, kwa sababu ndani ya muda huo deni la karo linaweza kufika mahakamani" ni kitu ambacho mzazi anaweza kukielewa, na hata kukipinga akitaka.

Tuchukue mtoto mmoja wa kubuni, tumwite Nekesa. Amezaliwa tarehe 14 Machi 2013. Aliingia bweni darasa la nne Januari 2022, akavunjika mkono kwenye bembea akiwa darasa la tano mwaka 2023, akafanya mtihani wa UNEB wa darasa la saba na kuondoka mwisho wa 2025. Twende rekodi kwa rekodi.

Kitabu cha uandikishaji ndicho pekee ninachoshauri ukihifadhi daima. Sababu yake iko wazi: mtu mzima hurudi baada ya miaka mingi kutafuta uthibitisho kwamba alisoma hapo, au kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa hivi na si vile. Lakini kwa kuwa kitakaa daima, kiwe na mambo machache: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, nambari ya mwanafunzi, LIN, aliyopewa na EMIS, mfumo wa taarifa wa Wizara ya Elimu na Michezo, siku ya kuingia, siku ya kuondoka na darasa aliloondokea. Ugonjwa, dini, namba za simu na deni visiingie humo kamwe.

Karo ina sheria mbili zinazovutana. Ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5 baada ya kipindi cha kodi kumalizika. Mwaka wa kodi Uganda kwa kawaida unaisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo karo aliyolipa Nekesa muhula wa tatu wa 2025 iko kwenye mwaka unaoishia 30 Juni 2026, na miaka 5 yake inaisha 30 Juni 2031. Sheria ya ukomo wa madai nayo inatoa miaka 6 kudai kilicho kwenye mkataba, na deni la muhula huohuo linafika ukomo mnamo Septemba 2031. Badala ya kuwachanganya wazazi na tarehe mbili, weka moja inayozifunika zote: mwisho wa mwaka wa sita baada ya mtoto kuondoka, yaani Desemba 2031 kwa Nekesa.

Mkono uliovunjika ndio unaohitaji fikra zaidi, na hapa ndipo naona shule nyingi zinateleza. Dai la mtu aliyeumia kwa uzembe lina ukomo wa miaka 3, lakini kwa mtoto saa huenda isianze kwenda mpaka afikishe miaka 18. Nekesa atafikisha 18 tarehe 14 Machi 2031, kwa hiyo huenda akaweza kuifikisha shule mahakamani kuhusu bembea ile mpaka Machi 2034. Ukiichoma karatasi ya ajali mwaka 2029 kwa nia njema ya kulinda faragha yake, umemnyima ushahidi yeye, na umejinyima wewe. Kumbukumbu za ajali basi hukaa mpaka mtoto atimize miaka 21.

Sasa tazama zilipo. Katika shule nyingi za bweni ajali huandikwa kwenye daftari kubwa la matroni, mstari mmoja mmoja: tarehe, jina, "homa, Panadol 1", chini yake mtoto mwingine "amevunjika mkono, amepelekwa hospitali", chini yake mwingine anayemeza dawa kila jioni saa mbili. Daftari moja lina siri za watoto mia, kila mmoja na tarehe yake ya kutimiza 21. Huwezi kuchoma mstari mmoja. Ukilifuata la mtoto mdogo kuliko wote, utakaa na homa na vidonge vya watoto wote kwa zaidi ya miaka kumi. Ukilichoma mapema, mkono wa Nekesa unaungua pamoja nalo.

Dawa yake ni kutenganisha siku ileile tukio linapotokea. Kila mtoto anayeumia, au anayepelekwa hospitali kwa sababu yoyote, aandikiwe karatasi yake mwenyewe: nini kilitokea, saa ngapi, nani alikuwapo, alipewa nini, mzazi alipigiwa simu saa ngapi. Karatasi hiyo inaingia kwenye faili la matukio na juu yake unaandika mwaka wa kuiharibu, kwa Nekesa 2034. Daftari la kila siku lifungwe kila Desemba, likae mwaka mmoja mwingine ili matroni aweze kuangalia nyuma kama homa ya mtoto inajirudia, kisha liharibiwe lote. Lile la 2023 lingekwisha Desemba 2024.

Dawa za kila siku zina ukurasa wao. Sheria inaiweka afya kwenye kundi la taarifa maalum, pamoja na dini na habari za fedha, na masharti yake ni makali zaidi. Mtoto anayemeza dawa za VVU bwenini anahitaji matroni ajue saa na kipimo. Mwalimu wa darasa, mhasibu na mlinzi hawahitaji. Liandike kwenye barua kwa maneno ya jumla: "taarifa za afya anazijua matroni na mwalimu mkuu pekee", na uhakikishe ni kweli kabla hujalichapa. Ukurasa huo unakwisha mwisho wa muhula wa kwanza baada ya mtoto kuondoka.

Yaliyobaki ni mepesi. Ripoti kadi ya mtoto ni mali ya mzazi. Nakala ya shule ikae miaka 3 baada ya kuondoka, maana huo ndio muda shule mpya huuliza. Rejista za mahudhurio nazo nashauri zikae miaka 3, ili mkaguzi akija uwe na cha kumwonyesha. Namba za simu za mzazi na za dharura ziishe muhula mmoja baada ya mtoto kuondoka, isipokuwa kama kuna deni. Karatasi za usaili za watoto ambao hawakuchukuliwa ziharibiwe mwisho wa muhula wa kwanza. Hizo husahaulika kabisa kwenye maboksi, na ni taarifa za watoto ambao hata si wako.

Tuje kwa NIN iliyoleta swali. Unaihitaji kumwandikisha mtoto kwenye EMIS, na hiyo ni sababu halali ya kuiomba. Kopi ya kitambulisho ni jambo jingine. Kadi inaonyesha uso wa mzazi, saini yake na tarehe yake ya kuzaliwa, na hakuna kimoja kati ya hivyo unachokihitaji ukishasoma nambari. Mzazi akuonyeshe kadi, katibu aandike nambari, kadi irudi mfukoni mwake. Mkishaiingiza na mtoto akapata LIN, nambari ile haina kazi tena kwenye faili. Hapo Busia pia mna watoto wanaovuka mpaka kila asubuhi kutoka Kenya, ambao wazazi wao hawana NIN ya Uganda. Barua ikisema "NIN ni lazima kwa kila mzazi" itawafukuza bure. Sema ni NIN au kitambulisho ambacho mzazi anacho kisheria.

Kabla ya kuandika, pitia fomu yako ya kujiunga ukiwa na kalamu nyekundu. Fomu nyingi zinauliza kabila, dini, kazi ya baba na mshahara wake. Kama hujui utaufanyia nini mshahara wa baba, futa. Dini iulizwe kwa watoto wa bweni tu, kwa ajili ya chakula na sala, na iwe hiari. Kila unachokifuta leo hutalazimika kukitafutia muda wa kukihifadhi.

Baada ya hapo barua inajiandika. Yangu ingekuwa hivi, nawe uibadilishe ifanane na shule yako:

"Mzazi mpendwa, salaam. Barua hii inaeleza taarifa za mtoto wako tulizo nazo, tunazifanyia nini na zitakaa kwetu muda gani. Mwenye wajibu nazo ni mimi, mwalimu mkuu, na ninapatikana ofisini siku za shule.

"Ili kumwandikisha mtoto ni lazima tupate jina lake, tarehe ya kuzaliwa, jina lako, namba ya simu, na NIN yako au kitambulisho kingine halali ulicho nacho. Bila hizo hatuwezi kumwingiza kwenye EMIS ya Wizara. Nambari ya kitambulisho tunaisoma mbele yako na hatubaki na kopi. Tunaifuta mtoto akishapata LIN. Kwa mtoto wa bweni tunakuomba utuambie ugonjwa wowote au dawa anayotumia. Hulazimiki, lakini usipotuambia hatutaweza kumsaidia inavyostahili usiku. Taarifa hiyo wanaijua matroni na mimi pekee.

"Taarifa za mtoto tunazipeleka Wizarani kupitia EMIS, kwa UNEB anapofika darasa la saba, hospitalini anapougua, na kwenye shule anayohamia. Hatumpi mtu mwingine bila kukuuliza.

"Jina lake, tarehe ya kuzaliwa, jina lako, LIN na tarehe za kuingia na kuondoka hubaki kwenye kitabu cha uandikishaji daima, ili akija akiwa mtu mzima apate uthibitisho. Kumbukumbu za karo zinakaa mpaka mwisho wa mwaka wa sita baada ya kuondoka, kwa sababu ya sheria za kodi na madeni. Nakala ya ripoti miaka 3 baada ya kuondoka. Rejista ya mahudhurio miaka 3 baada ya mwaka wake kuisha. Daftari la kila siku la matroni mwaka 1 baada ya kufungwa. Kumbukumbu ya ajali, au ya kupelekwa hospitali, mpaka mtoto atimize miaka 21, kwa sababu mpaka hapo huenda bado ana haki ya kudai. Namba zako za simu na ukurasa wa dawa, muhula mmoja baada ya kuondoka. Kama kuna deni, simu inabaki mpaka deni liishe.

"Unaweza kuja wakati wowote kuona tulichoandika kuhusu mtoto wako, na kikiwa na kosa tutakisahihisha. Usiporidhika na jibu letu unaweza kulalamika katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Picha za mtoto ni jambo la hiari. Jaza karatasi iliyoambatanishwa kama unakubali au hukubali. Ukikataa, au ukibadili mawazo baadaye, mtoto hatapoteza chochote."

Ukurasa mmoja na kidogo, kwa Kiswahili anachokielewa mama wa sokoni. Sipendi kuongeza vifungu vya sheria kwenye barua ya mzazi, vinamtisha na havimweleweshi. Na usiandike "usipojibu tutachukulia umekubali". Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, sheria inataka ridhaa ya mzazi itangulie, isipokuwa pale sheria nyingine inapokulazimu kuchukua taarifa, na kunyamaza kwa mzazi ambaye pengine hata hakuiona barua si ridhaa. Ndiyo maana picha zina karatasi yake ya kutia saini, na barua ni ya kueleza tu. Isome kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi, maana wengine watapenda kuisikia na kuuliza palepale kwa Kisamia au Kiteso.

Kitu kimoja kitaifanya barua nzima kuwa uongo: miaka iliyoandikwa na hakuna anayeharibu chochote. Chagua wiki moja ya Januari kabla ya shule kufunguliwa. Wewe, katibu na mjumbe mmoja wa kamati mkae na maboksi, mtoe yale yaliyofikisha mwaka wake, myachome mpaka majivu, na mwandike kwenye daftari aina ya rekodi, mwaka wake, tarehe na saini zenu, bila majina ya watoto. Msiyauze kwa kilo. Karatasi za shule zinaishia sokoni zikiwa vifungashio vya karanga, na mtu anaweza kununua karanga za shilingi mia tano akakuta jina la mtoto, namba ya simu ya mama yake na deni lao vimekunjwa mkononi mwake.

Wiki hiyohiyo ishughulikieni na nakala zisizo za karatasi, ambazo kwa kawaida ni nyingi kuliko karatasi zenyewe. Orodha ya karo iko kwenye kompyuta ya katibu, kwenye flashi ya mhasibu, kwenye barua pepe aliyokutumia, na kwenye simu ya mwalimu wa darasa aliyeipiga picha. Kufuta moja na kuacha tatu ni kutofuta. Kama mnahifadhi kwenye Google Drive, taarifa hizo huenda ziko nje ya Uganda, na sheria inataka ziwe na ulinzi unaolingana na wa huku au mzazi awe ameridhia. Ongeza sentensi moja kwenye barua inayosema hivyo, na nafasi ya ridhaa kwenye karatasi ya picha.

Umeandika kwamba "hatumpi mtu mwingine", kwa hiyo orodha ya wadaiwa iliyobandikwa getini, au iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, inakuvunjia ahadi siku hiyohiyo. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria hii anaweza kutozwa faini inayokaribia shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Mdaiwa aandikiwe peke yake. Na shule ikiwa bado haijasajiliwa katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, jisajilini kabla barua haijatoka. Usajili unahuishwa kila mwaka, kwa hiyo uwekeni kwenye wiki ileile ya Januari.

Wale wazazi wawili usiwangojeshe mpaka barua ichapwe. Wapigie simu wiki hii, waambie NIN ilitumika EMIS, na kopi za vitambulisho vyao watakabidhiwa siku ya kutembelea watoto. Kisha kopi za wazazi wengine wote zitoe kwenye mafaili, uziweke kwenye bahasha kwa majina, na ugawe siku hiyohiyo. Zitakazobaki bila mwenyewe mpaka mwisho wa muhula zichomeni, na ziwe za kwanza kuandikwa kwenye daftari la uharibifu.